Kuondoa Utusitusi kwenye Picha ya Mandhari ya Mbali

Kati ya Juni na Oktoba, mtu akisimama kwenye ukingo wa kusini wa kreta ya Ngorongoro, ukuta wa upande wa pili huonekana kama kivuli cha kijivu kisicho na mabonde wala miti. Upepo wa kiangazi huinua vumbi kutoka sakafu ya kreta na kingo za Ziwa Magadi, na mara nyingine moshi wa nyasi zinazoungua kwingineko huongezeka juu yake. Ukuta huo uko umbali wa kilomita 17 hivi. Kamera hurekodi kijivu hicho kwa uaminifu, na picha hutoka imefifia kuliko mpigaji alivyotarajia.

Hewa yenye chembe hufanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Kwanza, hupunguza mwanga unaotoka kwenye mlima kuja kwenye lenzi. Pili, huchukua mwanga wa jua na wa anga, ikautawanya na kuimwagia lenzi, kwa hiyo mwanga usiotoka kwenye mlima hujumlishwa juu ya picha ya mlima. Jambo hili la pili ndilo linaloharibu zaidi. Wataalamu huyaandika yote mawili kwa mstari mmoja:

```
I = J·t + A·(1 − t)
```

I ni kile kilichorekodiwa na kamera, J ni mandhari kama ingeonekana bila utusitusi, A ni mwanga wa hewa yenyewe, na t ni sehemu ya mwanga wa mlima inayofika salama. Thamani ya t hushuka kadiri umbali unavyoongezeka. Mwaka 1924 mtaalamu wa hali ya hewa wa Ujerumani, Harald Koschmieder, alionyesha jinsi kushuka huko kunavyohusiana na umbali wa mwisho wa kuona. Kwa kanuni yake, siku ambayo vitu huonekana hadi kilomita 40, mlima ulio umbali wa kilomita 17 hubaki na t ya karibu 0.2, ilhali miti iliyo umbali wa kilomita 4 ina t ya karibu 0.67.

Kwa hesabu, tuseme mwamba wa ukuta wa mbali una ung'avu halisi wa 30 na nyasi zilizo kando yake zina 80, kwenye kipimo cha 0 hadi 255, na mwanga wa hewa ni 200. Mwamba utarekodiwa kuwa 30 × 0.2 + 200 × 0.8, yaani 166, na nyasi zitakuwa 176. Tofauti ya 50 imebaki 10, na kote kumepakwa kijivu cha 160. Tiba inaonekana ndani ya hesabu hiyohiyo: toa 160, kisha gawanya kwa 0.2. Mwamba hurudi 30 na nyasi hurudi 80. Kwa miti ya kilomita 4, kiasi cha kutoa ni kama 66 tu. Atakayeondoa 160 kwenye picha nzima atafungua ukuta wa mbali na kuigeuza miti ya karibu kuwa weusi mtupu. Hii ndiyo sababu kitufe cha kawaida cha kuongeza tofauti ya mwanga na giza, kinachotendea kila pikseli sawa, hakiwezi kumaliza kazi hii peke yake.

Thamani mbili zinazohitajika hupatikana ndani ya picha yenyewe. A hupimwa kwenye anga lililo juu kidogo ya upeo wa macho, mahali pasipo na wingu, kwa kuwa wingu lililopigwa na jua huzidi mwanga wa hewa na kupotosha hesabu yote. Kwa t, hutafutwa kivuli kizito kabisa cha mlima wa mbali, kwenye korongo kwa mfano. Kivuli hicho kingepaswa kuwa karibu na sifuri, hivyo ung'avu wowote kinaouonyesha ni wa hewa. Kikisoma 160 wakati A ni 200, basi t ni 1 − 160/200, yaani 0.2. Wazo hili la kutegemea sehemu nyeusi ndilo Kaiming He na wenzake walilolifanya kuwa mbinu ya kompyuta mwaka 2009, na ndilo lililo nyuma ya moduli ya «haze removal» katika programu huria ya darktable. Moduli hiyo ina vidhibiti viwili: «strength» huamua utusitusi uondolewe kwa kiasi gani, na «distance» huamua uondolewe hadi umbali upi.

Rangi hudai uangalifu wake. Chembe nyingi za moshi ni ndogo kuliko elfu moja ya milimita, na hutawanya bluu kuliko nyekundu. Kwa hiyo mlima wa nyuma ya moshi huonekana wa samawati, na sehemu nyekundu ya picha ndiyo huhifadhi maumbo vizuri zaidi. Vumbi lenye chembe kubwa hutawanya rangi zote karibu sawasawa, nalo huleta weupe au umanjano wa udongo wake. Kiasi cha kutoa kipimwe kwa nyekundu, kijani na bluu kila moja peke yake. Kikitolewa kiasi kimoja kwa zote siku ya moshi, bluu iliyobaki huzidishwa mara tano na ukuta hugeuka zambarau. Zambarau hiyo ni dalili ya kwanza ya kazi iliyofanywa kwa haraka.

Kuzidisha mara tano huzidisha pia chenga za sensa mara tano. Hapo ndipo faili ya JPEG hushindwa: ina ngazi 256 tu kwa kila rangi, na ngazi kumi zilizonyooshwa kuwa hamsini huacha mikanda na vijiraba vya ubanaji. Tena, thamani zake zimekwisha kupindwa ili zipendeze kwenye skrini, wakati kanuni iliyo juu hufuata mwanga wenyewe. Faili ghafi ya biti 14 ina ngazi 16,384, na nafasi ya kunyoosha ni kubwa. Chenga hupunguzwa kwa kupiga picha nyingi mfululizo kamera ikiwa kwenye tripodi, kisha kuzichukulia wastani: picha 4 huzipunguza kwa nusu, na picha 25 huzirudisha pale zilipokuwa kabla ya kuzidishwa mara tano.

Katika kazi yenyewe, anga liachwe nje kwa maski, kwa sababu huko t ni karibu sifuri na programu itazalisha chenga badala ya mandhari. Mpaka wa maski na mlima ulainishwe, la sivyo mstari mweupe hujitokeza juu ya kilele. Utusitusi kidogo ubaki kwenye ukuta wa mbali. He na wenzake waliacha asilimia 5 kwa makusudi, maana bila huo jicho hupoteza hisia ya umbali na mlima huonekana umebandikwa nyuma ya miti.

Mtetemo wa hewa ya joto ya adhuhuri ni kasoro nyingine kabisa: hupotosha maumbo yenyewe, na kuondoa utusitusi hakuyarudishi. Na pale t inaposhuka chini ya 0.05, yaani kuzidisha mara ishirini na zaidi, tofauti iliyobaki huzama ndani ya chenga. Picha ya namna hiyo ipigwe upya asubuhi kabla ya upepo kuinuka, au baada ya mvua za kwanza za Novemba kuosha hewa.