Strein, duara la Mohr, na ile nusu inayosumbua: tuanze na ukuta wa Busunzu

Ukipita Busunzu, kwenye njia ya Kasulu kwenda Kibondo, utaona nyumba nyingi za tofali za kuchoma. Angalia kuta zake vizuri. Nyumba ambayo msingi wake umetitia upande mmoja mara nyingi huwa na ufa, na ufa huo haupandi wima wala haulali. Unakwenda mshazari, ukifuata viungo vya tofali kama ngazi.

Swali la leo linaanzia hapo. Msingi umeshuka wima, sasa kwa nini ukuta upasuke mshazari? Jibu lake ndilo hilohilo linaloeleza jambo ambalo wanafunzi wengi wa uhandisi hulikariri bila kulielewa: kwa nini kwenye duara la Mohr la strein, mhimili wima unabeba γ/2 na siyo γ nzima.

Strein mbili, vipimo viwili tofauti

Strein ya urefu ni rahisi. Ni badiliko la urefu, ukigawa kwa urefu wa mwanzo. Kamba ya mita 1 ikirefuka milimita 1, strein yake ni 0.001. Kwa kuwa namba hizi ni ndogo mno, tunazihesabu kwa sehemu za milioni, kwa hiyo hiyo ni 1000. Kurefuka ni chanya, kufupika ni hasi. Alama yake ni ε.

Strein ya pili, ambayo darasani inaitwa shia, haihusu urefu. Inahusu kona. Chora mraba ukutani kabla haujasogea, kona zote ni digrii 90. Ukuta ukipinda, kona inabana au inafunguka. Kiasi kilichobadilika, kwa rediani, ndiyo γ. Hapa nitaiita strein ya kona.

Shika hilo: γ inapima kona nzima, na kona ina mistari miwili.

Pima ulalo uone mwenyewe

Tuseme tuna kipande cha ukuta chenye upana wa mita 3 na urefu wa kwenda juu mita 3. Upande wa kushoto umetitia milimita 3, wa kulia umebaki palepale. Pande za wima zimebaki wima, ila mstari wa chini na wa juu imeinama. Kiasi cha kuinama ni 3 kwa 3000, yaani 0.001. Kona ya chini kushoto imebana kwa kiasi hichohicho, kwa hiyo γ = 0.001, au 1000 kwa sehemu za milioni.

Sasa chukua ulalo unaotoka kona ya chini kushoto kwenda kona ya juu kulia. Kabla ya kutitia ulikuwa na milimita 4243. Kona ya chini imeshuka milimita 3, lakini ulalo umelala kwa digrii 45, kwa hiyo si milimita zote 3 zinazoingia kwenye urefu wake. Zinazoingia ni 3 × 0.707, yaani kama 2.12. Gawa 2.12 kwa 4243, unapata 0.0005.

Umeona? Kona imebana kwa 1000, lakini ulalo umerefuka kwa 500 tu. Ulalo ule mwingine, ukiupima, umefupika kwa 500. Hatujagusa duara wala fomula yoyote ya kukariri, na nusu imejitokeza yenyewe.

Na swali la ufa limejibika hapohapo. Tofali na udongo wake haviwezi kuvumilia kuvutwa, kwa hiyo ukuta unapasuka kukatiza ulalo uliorefuka. Kama kushoto ndiko kulikotitia, ufa unapanda kutoka kulia chini kwenda kushoto juu. Kwa maneno mengine, ufa unapanda kuelekea upande unaozama. Ukijua hilo, unaweza kusimama nje ya nyumba na kubashiri ni kona ipi ya msingi yenye shida.

Nusu inatoka wapi?

Rudi kwenye ukuta wetu. Mistari ya mlalo imezunguka kwa 0.001, ya wima haikuzunguka kabisa. Lakini hebu piga picha ukuta huo, kisha izungushe picha yote kidogo, kwa 0.0005, kufuata mshale wa saa. Kuzungusha picha hakurefushi wala hakufupishi kitu chochote, kwa hiyo hakuna strein iliyoongezwa. Ila sasa mstari wa mlalo umeinama 0.0005 tu, na mstari wa wima nao umeinama 0.0005 kumfuata mwenzake. Kila mmoja umetoa nusu, na jumla ya nusu hizo mbili ndiyo γ.

Yaani ule mzunguko wa jumla haumuumizi mtu, kwa sababu ukuta mzima ukizunguka pamoja hakuna kinachovutika. Kinachobaki baada ya kuuondoa ni γ/2 kwa kila mstari. Hicho ndicho kinacholingana na ε, kwa sababu ε nayo ni habari ya mstari mmoja. Ukitaka kuziweka strein mbili kwenye mchoro mmoja, lazima zote ziwe za mstari mmoja.

Fomula za kugeuza mwelekeo zinasema hivyohivyo. Kwa mstari uliolala kwa pembe θ kutoka mlalo:

ε(θ) = (εx + εy)/2 + (εx − εy)/2 · cos2θ + (γ/2) · sin2θ

γ(θ)/2 = −(εx − εy)/2 · sin2θ + (γ/2) · cos2θ

Angalia zilivyo ndugu. Ukiondoa wastani kwenye ile ya kwanza, ukipandisha zote kipeo cha pili na kuzijumlisha, θ inapotea na unabaki na kitu kisichobadilika: hicho ni kipeo cha pili cha nusukipenyo cha duara. Ila hili linafanya kazi ukiwa na γ/2 pande zote. Ukiweka γ nzima kwenye mhimili wima, nukta za mielekeo mbalimbali hazitengenezi duara, zinatengeneza duaradufu iliyorefuka kwenda juu. Na duaradufu huwezi kuichora kwa bikari.

Mfano kamili

Mhandisi Mjerumani Otto Mohr alitoa mchoro huu mwaka 1882 kwa ajili ya mikazo, na njia hiyohiyo inatumika kwa strein. Tuijaribu kwa ukuta wenye mambo matatu kwa pamoja: unavutwa kwa mlalo kwa sababu ncha za msingi zinaachana, unabanwa kwenda chini na uzito wa juu, na kona zake zinabana. Tumebandika geji tatu, moja ya mlalo, moja ya digrii 45, moja ya wima. Tuseme zimesoma 400, 500 na −200.

Strein ya kona haisomwi moja kwa moja na geji. Tunaipata kwa hesabu:

γ = 2 × 500 − 400 − (−200) = 800

Sasa chora. Mhimili mlalo ni ε. Mhimili wima ni γ/2, na weka chanya kushuka chini, ili ukizunguka kwenye duara uende upande uleule unaozunguka ukutani. Nukta ya mlalo inakaa kwenye 400 kulia na 400 chini. Nukta ya wima inakaa kwenye −200 na 400 juu. Ziunganishe. Mstari unakata mhimili mlalo kwenye 100, na hapo ndipo kitovu. Kutoka kitovu hadi nukta ya mlalo ni 300 kwenda kulia na 400 kwenda chini, kwa hiyo kwa kanuni ya Pitagora nusukipenyo ni 500.

Strein kubwa kabisa ni 100 + 500 = 600, ndogo kabisa ni 100 − 500 = −400. Ili kufika kwenye 600 unazunguka digrii 53.1 kwenye duara, ambazo ukutani ni 26.6, kwa sababu pembe za duara ni mara mbili. Basi ukuta unavutwa zaidi kwenye mstari unaopanda kwenda kulia kwa digrii 26.6, na ufa utaukatiza.

Jikague kabla hujaondoka. Zunguka digrii 90 kwenye duara kutoka nukta ya mlalo, unafika kwenye mwelekeo wa digrii 45. Duara linasema 100 + 400 = 500, sawa na geji yetu. Aliyeweka 800 nzima kwenye mhimili wima atapata 900 hapo, wakati geji iliyompa hiyo 800 imesoma 500. Mchoro unampinga kwa data yake mwenyewe. Huu ndio ukaguzi wa haraka kuliko wote.

Inabadilisha uamuzi gani?

Tafiti za Burland na Wroth za miaka ya 1970 zilionyesha kwamba kuta za tofali zilizojengwa kwa saruji huanza kuonyesha nyufa za macho pale strein ya kuvutwa, kwa wastani, inapofika kati ya 500 na 1000 kwa sehemu za milioni. Ukuta wetu wenye 600 umeingia kwenye eneo hilo, upande wa chini.

Aliyesahau nusu atapata nusukipenyo cha 854 na strein ya 954. Ataiambia familia kwamba ukuta uko ukingoni, na pengine ataushauri ubomolewe.

Kosa la upande wa pili ni baya zaidi. Programu nyingine hutoa γ nzima, nyingine hutoa nusu yake. Abaqus, kwa mfano, hutoa γ nzima kwenye `E12`. Ukipewa 400 ambayo tayari ni nusu, ukaigawa tena, nusukipenyo kinakuwa 361 na strein kubwa 461. Iko chini ya 500, kwa hiyo utasema hakuna shida, na watu wataendelea kulala chini ya ukuta huo.

Kwa hiyo uliza kwanza: namba hii inapima kona, au mstari? Kama huna pa kuuliza, jaribu mfano mdogo wenye jibu unalolijua, kama ule wa milimita 3 kwa mita 3. Programu ikijibu 1000, inakupa kona nzima. Ikijibu 500, nusu imeshatolewa.

Mipaka ipo. Duara moja linaeleza sehemu moja ndogo ya ukuta, na strein karibu na dirisha si ile ya katikati. Linahitaji pia strein ziwe ndogo, na ukuta uwe haujapasuka. Ufa ukishafunguka, geji inayoukatiza inapima upana wa ufa. Na kama huna geji, unaweza kupiga misumari kwenye kona nne na kupima ulalo kwa tepu ya chuma, ila kumbuka kwamba milimita 1 kwenye mita 4.24 ni sawa na 236 kwa sehemu za milioni. Kwa tepu utajua ni ulalo upi unaorefuka. Kwa kujua kama ni 461 au 600, tafuta geji.