Deni la Kampuni Si Deni la Mwenyewe

Mwaka 1892, mtengenezaji wa viatu wa London, Aron Salomon, aliiuza biashara yake kwa kampuni aliyoiunda mwenyewe. Sheria ilitaka wanahisa saba, basi mkewe na watoto wao watano wakapata hisa moja moja, naye akabaki na 20,001. Sehemu ya bei hakulipwa taslimu. Kampuni ilimpa hati fungani za pauni 10,000, akawa mdai wa kampuni yake, tena mdai mwenye dhamana.

Biashara ikaanguka upesi. Mali ilipouzwa, alilipwa kwanza mtu aliyemkopesha Salomon kwa rehani ya hati zile, zikabaki pauni elfu moja na ushee. Salomon akazidai, huku waliomuuzia bidhaa kwa mkopo wakiambulia patupu. Mufilisi alipinga: kampuni hii ni Salomon yuleyule! Mahakama mbili zikamuunga mkono. Lakini Novemba 1896 Bunge la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa Uingereza, likatengua kwa kauli moja. Kampuni iliyosajiliwa kwa kufuata sheria ni mtu mwingine, hata kama hisa karibu zote ni za mmoja. Madeni ni yake, na mali ni yake.

Hilo la mali ndilo wengi husahau. Bwana Macaura wa Ireland aliiuzia kampuni yake mbao na miti ya shamba lake, lakini bima akaikata kwa jina lake mwenyewe. Moto ukateketeza karibu mbao zote. Mwaka 1925 Malodi wakaamua kwamba halipwi kitu, kwa kuwa mbao zilizoungua hazikuwa zake.

Je, mahakama hulifunua lini pazia hilo na kumtazama aliye nyuma yake? Kesi ya Lipman, ya mwaka 1962, inaonyesha vizuri. Lipman alikubali kumuuzia Jones nyumba kwa pauni 5,250, kisha akaghairi. Kabla ya kukabidhi, akajipatia kampuni na kuihamishia nyumba hiyo, ili aseme kwamba hana tena cha kuuza. Jaji aliiona kampuni hiyo kuwa barakoa tu, akaamuru Lipman na kampuni yake wote wamkabidhi Jones nyumba.

Tofauti iko kwenye mpangilio wa matukio. Wajibu wa Lipman ulikuwepo kabla ya kampuni kuingia, nayo ikaletwa ili kuukwepa. Salomon hakukwepa deni lolote la zamani. Wadai walikopesha kampuni, na daftari la hati fungani lilikuwa wazi kwa aliyetaka kulikagua. Mwaka 2013, katika kesi ya Prest, Mahakama ya Juu ya Uingereza ililibana zaidi tundu hilo: kampuni kukosa fedha, au mkurugenzi kuonekana mjanja, hakutoshi.

Mahakama za Tanzania na Kenya nazo huanzia kwa Salomon. Ndiyo maana benki, kabla ya kuikopesha kampuni ndogo, humtaka mkurugenzi asaini dhamana kwa jina lake binafsi. Akishasaini, benki haihitaji tena kufunua pazia lolote.