HashMap au TreeMap? Swali Lako Ndilo Linaloamua

Mteja anataka kutuma shilingi 7,300 kwa simu, na programu inatakiwa kujua ada yake. Jedwali la ada halina mstari wa 7,300. Tuseme lina mistari minne tu: kuanzia shilingi 100 ada ni 10, kuanzia 1,000 ni 30, kuanzia 5,000 ni 60, na kuanzia 20,000 ni 150. Mtu akitupa jicho mara moja anajua kwamba 7,300 imeangukia kwenye mstari wa 5,000, hivyo ada ni 60. Kompyuta nayo italijua hilo kwa wepesi au kwa taabu, kutegemea aliyeandika programu alilihifadhi jedwali hilo ndani ya nini.

Anayeandika kwa lugha ya Java halazimiki kubuni hifadhi yake mwenyewe. Maktaba sanifu ya lugha hiyo, ile inayokuja pamoja nayo, imekuwa na hifadhi mbili za namna hii tangu toleo la 1.2 la mwaka 1998: `HashMap` na `TreeMap`. Zote mbili huweka vitu kwa jozi, yaani ufunguo na thamani yake. Hapa kiasi cha fedha ni ufunguo, na ada ni thamani. Ukizitazama kwa nje zinafanana kama mapacha: unaweka kwa `put`, unachukua kwa `get`. Tofauti iko ndani.

`HashMap` hufanya kazi kama masanduku ya posta. Ufunguo unapofika, hupitishwa kwenye hesabu fupi inayotoa namba, na namba hiyo ndiyo huamua kitu kiwekwe kwenye sanduku gani. Ukija kukitafuta, hesabu ileile inarudiwa na unakwenda moja kwa moja kwenye sanduku lake. Iwe kuna vitu mia au milioni, safari kwa kawaida ni ileile moja. Ila sanduku la 5,000 halijui lolote kuhusu sanduku la 20,000, na hakuna anayejua nani yuko jirani ya nani kwa ukubwa.

`TreeMap` hupanga funguo kwenye mti. Kila tawi lina ufunguo mmoja. Vilivyo vidogo kuliko huo viko kushoto, vilivyo vikubwa viko kulia. Kutafuta ni kuanza juu na kuuliza kila hatua: nishike kushoto au kulia? Ili mti usiegemee upande mmoja ukageuka kuwa mstari mrefu, Java hutumia aina iitwayo mti mwekundu na mweusi. Chimbuko lake ni kazi ya Rudolf Bayer ya mwaka 1972, na jina hilo lilitokana na kazi ya Leonidas Guibas na Robert Sedgewick ya mwaka 1978. Kwenye mti wenye funguo milioni moja, hatua za kufikia ufunguo wowote huwa karibu 20, na hazizidi 40 hata hali ikiwa mbaya.

Turudi kwa mteja wetu. Ukiiuliza `HashMap` kwa `ada.get(7300)`, jibu ni `null`, yaani hakuna. Haijakosea: hakuna sanduku la 7,300. Ili upate 5,000 utalazimika kupitia mistari yote mwenyewe na kulinganisha. `TreeMap` ina njia ya kuuliza swali lenyewe jinsi lilivyo:

```java
TreeMap<Integer, Integer> ada = new TreeMap<>();
ada.put(100, 10);
ada.put(1000, 30);
ada.put(5000, 60);
ada.put(20000, 150);

int malipo = ada.floorEntry(7300).getValue();  // 60
```

`floorEntry` maana yake ni: nipe ufunguo mkubwa kuliko yote usiozidi huu nilioutaja. Mwenzake, `ceilingEntry`, hutafuta upande wa pili: mdogo kuliko yote usiopungua huu. Pana mtego mmoja hapo. Mtu akijaribu kutuma shilingi 50, hakuna mstari ulio chini yake, `floorEntry` inarudisha `null`, na programu inaanguka kwa `NullPointerException` pale inapotaka kuchukua thamani. Kwa hiyo ama kiasi kikaguliwe kabla, ama mstari wa chini kabisa uanzie sifuri.

Hadi hapo mtu anaweza kusema: mistari minne tu, kuipitia yote kuna gharama gani? Ni kweli, hakuna. Hesabu hubadilika unapohama kutoka jedwali la ada kwenda kwenye daftari la miamala. Chukua daftari lenye miamala milioni moja, ufunguo ukiwa ni wakati wa muamala, na meneja anataka iliyofanyika kati ya saa 2 na saa 3 asubuhi ya leo. Tuseme ni 400. Kwa `HashMap` itabidi kufungua masanduku yote na kukagua miamala yote milioni moja, kisha kuipanga ile 400 uliyoipata. Kwa `TreeMap` unashuka kwenye mti hatua kama 20 hadi muamala wa kwanza wa saa 2, kisha unatembea mbele mmoja baada ya mwingine hadi saa 3, na miamala inatoka ikiwa imeshapangika:

```java
for (Muamala m : daftari.subMap(saaMbili, saaTatu).values()) {
    jumla += m.kiasi;
}
```

Kwa kawaida `subMap` huhesabu mwanzo na kuacha mwisho. Muamala wa saa 2 kamili umo. Wa saa 3 kamili haumo, unaingia kwenye saa inayofuata. Watu wengi huona kama ni kasoro, wakatumia aina nyingine ya `subMap` inayojumuisha ncha zote mbili. Matokeo yake ni kwamba muamala uliofanyika saa 3 kamili unahesabiwa mara mbili, mara moja kila upande, na jumla za saa 24 zinazidi jumla ya siku. Ukiona tofauti ndogo ya namna hiyo, isiyotokea kila siku, anza kwa kuangalia mipaka.

Kosa la pili hupunguza badala ya kuzidisha. Ufunguo mmoja hubeba thamani moja tu. Miamala miwili ikitokea kwenye milisekunde ileile, `put` ya pili inaifuta ya kwanza bila kelele. Dalili yake ni kwamba `daftari.size()` inakuwa ndogo kuliko idadi ya miamala iliyopokelewa. Dawa ni kufanya ufunguo uwe na sehemu mbili, wakati kwanza na namba ya muamala baadaye, ukilinganishwa kwa mpangilio huo. Au thamani iwe orodha ya miamala ya wakati huo.

La tatu ni kuweka namba au saa kama maandishi. Mti hupanga maandishi herufi kwa herufi, kwa hiyo "10:30" itatangulia "9:05", kwa kuwa 1 iko kabla ya 9. Mti hauna kosa, umepanga ulichopewa. Andika "09:05", au bora zaidi, tumia aina ya wakati yenyewe.

Sasa suala la mpangilio wa kutoka, ambalo huwanasa watu zaidi kwa sababu hujificha. `HashMap` haiahidi mpangilio wowote, ila mara nyingi huonekana kama unao. Weka namba za wateja 1 hadi 10 kwa mpangilio wowote, kisha uziorodheshe: zitatoka 1, 2, 3 hadi 10, zimenyooka. Sababu ni kwamba `HashMap` mpya huanza na masanduku 16, na namba ndogo huingia kwenye sanduku linalolingana na baki lake ikigawanywa kwa 16. Anayejaribu programu anaridhika, anaipeleka kazini.

Huko kazini namba za wateja zinaanzia 1001. Mabaki yanabadilika: 1001 inaingia sanduku la 9, lakini 1008 inagawanyika kwa 16 bila baki, ikaingia sanduku la 0. Orodha ya wateja 10 inaanza na 1008, 1009, 1010, ndipo inakuja 1001. Mteja wa 13 akiongezwa, masanduku yanakuwa 32, kwa sababu Java huyaongeza mara mbili idadi ya vitu inapozidi robo tatu ya masanduku. Ghafla orodha inanyooka yenyewe, 1001 hadi 1013. Fundi anaamini tatizo limekwisha. Mteja namba 1024 anapoingia, baki lake kwa 32 ni sifuri, na anaruka kuwa wa kwanza kwenye orodha.

Waliobuni lugha ya Go waliuona mtego huu wakauziba kwa makusudi: tangu toleo la 1 la mwaka 2012, kupitia `map` ya Go huanzia mahali pa kubahatisha kila mara, ili asiwepo anayejenga juu ya mpangilio usiokuwepo. Python ilikwenda njia nyingine. Tangu toleo la 3.7, `dict` huahidi kutoa vitu kwa mpangilio ulioviingiza. Java inayo hiyo pia kwa jina la `LinkedHashMap`. Lakini mpangilio wa kuingia si mpangilio wa ukubwa, na hauna `floorEntry` wala `subMap`. Katika C++ majina yanaweza kumchanganya anayetoka Java: `std::map` ndiyo iliyopangwa, na ile ya masanduku, iliyoingia kwenye kiwango cha mwaka 2011, ni `std::unordered_map`.

Basi kwa nini mtu asitumie mti siku zote? Kwa sababu mpangilio unalipiwa. Kila hatua kati ya zile 20 ni ulinganisho mmoja, na mara nyingi ni kuruka kwenda sehemu nyingine ya kumbukumbu ya kompyuta, ilhali `HashMap` hufika karibu kwa hatua moja. Programu inayopokea namba ya simu na kutoa jina la mwenye akaunti, maelfu ya mara kwa sekunde, haina haja ya kujua namba ipi iko jirani ya ipi. Hiyo ni kazi ya `HashMap`.

Kuna pia hali za katikati. Ikiwa unahitaji mpangilio mara moja tu, kwa mfano kwenye ripoti ya jioni, kusanya kwa `HashMap` mchana kutwa na upange funguo mwishoni. Ikiwa jedwali halibadiliki, kama lile la ada, orodha iliyopangwa na kutafutwa kwa kuigawa katikati inatosha. Ndivyo wafanyavyo watumiaji wa Python kwa `bisect`, kwa kuwa maktaba sanifu yao haina mti wa aina hii. Mti unastahili gharama yake pale mambo mawili yanapokutana: vitu vinaingia na kutoka muda wote, na maswali ya kutoka hapa hadi pale hayakatiki.

Kwa hiyo kabla ya kuandika `new HashMap`, andika kwanza maswali ambayo programu itauliza. Yakiwa yote ni "hiki kiko wapi?", endelea nayo. Likiwemo hata moja la "kilicho karibu chini yake ni kipi?" au "vilivyo kati ya hivi viwili ni vipi?", na daftari ni kubwa na linabadilika, chagua `TreeMap`, kisha utangaze aina yake kuwa `NavigableMap` badala ya `Map`. Hapo atakayekuja baadaye kuibadilisha iwe `HashMap` kwa kutafuta kasi, atazuiwa na kompyuta yenyewe kabla programu haijamfikia mteja.