Tangazo la Kitabu cha Kwanza

Tangazo la kuzindua kitabu cha mwandishi mpya hubebwa na dondoo, kwa kuwa jina lake bado halimvuti mnunuzi. Dondoo hutolewa kwenye kurasa za mwanzo, mahali ambapo jambo limeanza kwenda kombo lakini halijaelezwa. Mfano ni huu wa kubuni, kutoka riwaya ya fundi saa wa Tanga:

“Saa ililetwa na mtoto, imefungwa kwenye kipande cha kanga. Mzee Salimu alipoifungua mgongo, alikuta jina lake limechorwa ndani, kwa mwandiko wake mwenyewe, pamoja na mwaka ambao hakuwa amezaliwa.”

Sentensi mbili zinatosha. Ya tatu ingelazimika kuanza kujibu. Aya ya mandhari, hata ikiwa tamu kiasi gani, haimsukumi mtu kutoa pesa.

Baada ya dondoo huja bei, jina la duka na mtaa wake, namba ya kulipia kwa simu na nauli ya kutuma mikoani. Namba ya ISBN, yenye tarakimu 13, humsaidia muuzaji kuagiza toleo sahihi. Maduka mengi humpokea mwandishi mgeni kwa mali kauli: hulipwa nakala zikishauzwa. Kosa la kawaida ni kutangaza wakati nakala zingali kiwandani. Msomaji akikosa kitabu siku ya kwanza, ni nadra kurudi. Njia ya kuhakikisha ni kupiga simu dukani na kukiulizia kama mteja yeyote. Muuzaji asipokiona rafuni, tangazo husubiri.