Mama wa Omani

Wiki hii nimerudi Bigwa, chini ya milima ya Uluguru, kwa jambo lililoanza kama furaha na nusura liishe kwa ugomvi. Jirani yangu mmoja alikwenda Muskati kufanya kazi za ndani, akamwacha binti yake wa miaka miwili kwa bibi mzaa mama. Mkataba ulikuwa wa miaka miwili. Akauongeza, akauongeza tena. Alipoteremka kwenye basi, binti alikuwa na miaka minane.

Mtoto alimwamkia kwa heshima, akapokea nguo na viatu, kisha akarudi kukaa karibu na bibi yake. Bibi ndiye aliyemwita "Mama". Huyu mgeni alikuwa "Mama wa Omani", kama ambavyo mtu husema "shangazi wa Dodoma".

Siku ya tatu mama alimchukua mtoto, wakahamia chumba cha kupanga Kihonda, upande wa pili wa mji. Mtoto hakulia. Aliosha vyombo na kuitikia kila alipoitwa, hata mama akadhani mambo yamenyooka. Ila usiku alianza kukojoa kitandani, na siku ya nne, baada ya shule, hakurudi. Jioni alikutwa Bigwa, anachambua mchicha na bibi.

"Umemfundisha mtoto anichukie," mama alimwambia mzazi wake. Bibi akaniita nikae nao.

Ndugu msomaji, bibi hakuwa na kosa. Mwaka 1952 Mskoti James Robertson alionyesha filamu ya mtoto wa miaka miwili aliyelazwa hospitali ya London kwa siku nane. Yeye na daktari John Bowlby walieleza kwamba mtoto mdogo akitengwa na mama kwanza hulia na kumtafuta, halafu hukata tamaa na kunyamaza, na mwishowe hujifunga moyo. Mama akirudi wakati huo, mtoto anaweza kumtazama kama mtu asiyemjua. Kwa hiyo ule utulivu wa Kihonda haukuwa mapenzi. Ulikuwa adabu ya mgeni. Tena mtoto huyu alikuwa amekwisha kupata mama mwingine. Kumtoa kwa bibi siku ya tatu kulikuwa kumfiwisha mama mara ya pili.

Kwa mila ya Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na haki hiyo hakuna aliyembishia. Lakini ukoo haumwambii mtoto akimbilie wapi akiota ndoto mbaya.

Tulikubaliana hivi. Chumba cha Kihonda kiachwe kwanza, mama alale Bigwa kwa bibi. Amri na adhabu zibaki kwa bibi, maana mgeni anayeanza kwa fimbo hujenga ukuta. Mama achukue kazi ndogo zinazorudi kila siku: kupiga pasi sare, kuangalia daftari, kwenda naye sokoni. Zawadi zipungue, kwani mtoto alikwisha kumzoea mama wa kutuma vitu. Jina "Mama" lisilazimishwe.

Wiki ya tano mtoto aliuliza, "Kwa nini uliniacha?" Mama alitaka kujibu, "Nilikwenda kukutafutia wewe." Jibu hilo humpa mtoto deni, aone kwamba yeye ndiye sababu ya kuachwa. Alijibu: "Nilikwenda kufanya kazi. Nilichelewa kurudi. Si kosa lako." Mtoto akanuna siku mbili, akamjibu mama kwa ukali kwa mara ya kwanza. Mama alifadhaika, mimi nilifurahi. Mtoto hamkasirikii mgeni.

Dalili ya kweli ilikuja mwezi wa nne. Binti alijikwaa uani akachubuka goti. Bibi alikuwa jikoni, mama kibarazani. Alisimama kidogo katikati, kisha akaenda kwa mama.

Walihama wakati wa likizo, na safari hii walipanga hapo hapo Bigwa. Ijumaa hadi Jumapili mtoto hulala kwa bibi, wala si zawadi ya tabia njema inayoweza kufutwa. Bado humwita mama yake kwa majina mawili, kutegemea siku.

Si kila ukimya ni huu nilioueleza. Mtoto akikataa kula, akimwogopa mtu fulani wa nyumba aliyoachwa, au akishtuka akiguswa, huenda kuna aliyemdhuru wakati mzazi hayupo. Hapo usimhoji kama polisi. Mwone afisa ustawi wa jamii, au piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, isiyo na malipo.

Yule mama aliniuliza kama miaka sita itarudi. Nilimwambia hairudi. Binti ana miaka minane, na huyo wa miaka minane ndiye aliyekuja kwake na goti linalotoka damu.

Hadi juma lijalo.