Kiwiko Hakijui Meza Iko Wapi

Mwaka 1978 Profesa Hiroshi Makino wa Chuo Kikuu cha Yamanashi, Japani, alitengeneza mfano wa kwanza wa mkono wa roboti unaojulikana kama SCARA. Kufikia 1981 viwanda vya Japani vilikuwa vimeanza kuuza mikono ya aina hiyo, nayo ikapewa kazi ya kuunganisha vitu: kuchomeka vipande kwenye saketi, kukaza skrubu, kuokota kifaa hapa na kukiweka pale.

Ukiutazama kutoka juu, utaona bega lililofungwa mezani, pingili ya kwanza inayotoka begani, kiwiko, kisha pingili ya pili inayoishia kwenye kiganja. Bega na kiwiko huzungusha pingili zikiwa zimelala sambamba na meza, wala haziinuki. Kupanda na kushuka ni kazi ya fimbo iliyo mwishoni, nasi tutaiacha pembeni.

Mashine yenyewe haioni kiganja chake. Kila kiungo kina kihisio cha pembe, enkoda kwa lugha ya mafundi, kinachosema kiungo kimegeuka nyuzi ngapi. Basi kompyuta ya roboti hupata namba mbili tu, ya bega na ya kiwiko, na kutokana na hizo lazima ijue kiganja kiko wapi juu ya meza.

Tuchukue mkono ambao pingili yake ya kwanza ina milimita 300 na ya pili 250. Bega tuliite sifuri. Kutoka hapo tuchore mstari kwenda kulia, uwe x, na mwingine kwenda mbele, uwe y. Pembe tutazihesabu kinyume cha mwendo wa mishale ya saa. Enkoda ya bega inasoma nyuzi 30, ya kiwiko inasoma 45.

Anza na kiwiko chenyewe. Pingili ya kwanza, pamoja na mistari ya kulia na mbele, inafanya pembetatu mraba ambayo upande wake mrefu ni milimita 300. Kitufe cha cos kwenye kikokotoo kinatoa sehemu ya urefu huo inayokwenda kulia, na sin inatoa sehemu inayokwenda mbele. Kwa nyuzi 30 kiwiko kiko milimita 259.8 kulia na 150 mbele. Mpaka hapo hakuna fumbo.

Fumbo liko kwenye pingili ya pili. Zile nyuzi 45 hazikupimwa kutoka kwenye meza. Enkoda ya kiwiko imefungwa baina ya pingili mbili, na inachokijua ni jinsi ya pili ilivyojikunja kutoka kwenye mwelekeo wa ya kwanza. Abiria wa daladala aliyeelekea dirishani anabaki ameelekea dirisha lilelile basi linapokata kona, lakini mtaa anaoutazama si ule tena. Kiwiko nacho kinabaki na nyuzi 45 zake bega likizunguka, ilhali pingili ya pili inaelekea kwingine kabisa mezani. Kwa hiyo, ili kupata mwelekeo wake kwa kipimo cha meza, tunajumlisha: 30 na 45 ni 75.

Kwa nyuzi 75, pingili ya milimita 250 inaongeza 64.7 kulia na 241.5 mbele. Tukijumlisha na mahali pa kiwiko, kiganja kiko milimita 324.5 kulia na 391.5 mbele. Hesabu yote inaingia katika mistari miwili:

```
x = 300·cos(bega) + 250·cos(bega + kiwiko)
y = 300·sin(bega) + 250·sin(bega + kiwiko)
```

Anayesahau kujumlisha atatumia 45 mahali pa 75, na kupata 436.6 kulia na 326.8 mbele. Namba hizo hazitishi. Mahali hapo pako juu ya meza na mkono unaweza kupafikia, ndiyo maana kosa hili hupita bila kushtukiwa. Kulinasa si kazi kubwa. Acha kiwiko kilivyo, zungusha bega peke yake, kisha pima umbali kutoka begani hadi kwenye kiganja. Kwa kuwa kiwiko hakijajikunja wala kujinyoosha, umbali huo hauna sababu ya kubadilika. Kwa kiwiko cha nyuzi 45 ni milimita 508.5, bega liwe popote. Kanuni yenye kosa, kinyume chake, itatoa 545 bega likiwa kwenye 30, na 550 likiwa kwenye 45. Mkono unaorefuka kwa kuzungushwa begani haupo.

Hata hivyo kujumlisha si amri ya kila mashine. Kuna mikono ambayo mota ya kiwiko imewekwa chini penye bega ili kupunguza uzito, na nguvu inapelekwa kiwikoni kwa mkanda. Katika mpangilio wa namna hiyo enkoda ya pili inaweza kuwa inapima mwelekeo wa pingili ya pili kutoka kwenye meza moja kwa moja. Ukijumlisha hapo unaharibu. Kabla ya kuandika kanuni, zungusha bega kwa mkono huku mota zimezimwa na kiwiko kikiwa kimeshikiliwa kisijikunje, uone kama namba ya pili inabaki au inahama.

Kosa jingine ni la vipimo. Lugha nyingi za programu hutarajia pembe kwa radiani, si nyuzi. Wengi hujaribu programu kwa kuipa sifuri na sifuri, nayo inajibu 550 kulia, jibu sahihi kabisa, kwa kuwa sifuri ni sifuri kwa kipimo chochote. Mpe bega 90 badala yake. Jibu la kweli ni 550 mbele na sifuri kulia, ukiona 491.7 mbele na 246.4 kushoto, programu imezichukua nyuzi kama radiani.

Kanuni ikishakuwa sahihi, linabaki tatizo la chuma chenyewe. Tuseme sifuri ya enkoda ya kiwiko imepotoka kwa moja ya kumi ya nyuzi. Kwenye pingili ya milimita 250, kiganja kitakuwa kando kwa milimita 0.44, kiasi cha kutosha kukosa tundu dogo la saketi. Tena kitakosa kwa uaminifu, mahali palepale kila mara, hivyo anayepima tu kama mkono unarudia kazi yake vizuri hataona kitu.

Mafundi wana njia nzuri ya kulifichua. Karibu kila mahali mezani panafikika kwa mikao miwili, kiwiko kikiwa upande huu wa mkono au upande ule. Kiganja chetu kingefika palepale bega likiwa kwenye 70.7 na kiwiko kwenye 45 hasi. Umbali kutoka begani haukubadilika, kwa hiyo kiwiko lazima kijikunje kwa kiasi kilekile pande zote mbili. Fundi hugusisha ncha kwenye alama moja kwa mkao wa kwanza, akasoma enkoda. Kisha huigusa alama ileile kwa mkao wa pili, akasoma tena. Akipata 45.1 upande mmoja na 44.9 hasi upande mwingine, tofauti ya ukubwa ni 0.2, na nusu yake, 0.1, ndiyo anayoiondoa kwenye sifuri ya kiwiko. Hahitaji kujua alama iko milimita ngapi kutoka begani, wala pingili zina urefu gani hasa. Sifuri ya bega huiacha kwanza: ikipotoka, inazungusha ramani nzima kwa pamoja bila kuukunja umbo lake, na hiyo hurekebishwa baadaye kwa alama ya pili ambayo mahali pake panajulikana.