Mpambe anaposhika maiki

MC akishamwita mpambe wa bwana harusi, ukumbi humpa dakika tatu hivi. Zikizidi, watu wanaanza kutazama meza ya chakula. Muda huo unatosha kisa kimoja, na kiwe kisa kinachoonyesha tabia ya rafiki yako. Ukisema tu kwamba ni mkarimu na mcheshi, watu watapiga makofi ya adabu. Ukisimulia alichofanya, watamwona. Kwa mfano:

"Wazazi wetu, wakwe zetu, shikamooni. Huyu bwana nimekaa naye geto moja Sinza, sufuria moja, jiko la mchina moja. Siku ya zamu yake ya kusonga ugali, jirani aligonga mlango kuuliza kama tunakoroga zege. Lakini nilipougua malaria, huyuhuyu alinipikia uji. Ulikuwa na mabuja, ila alikaa pembeni yangu mpaka nikamaliza kikombe. Shemeji, kupika bado anajifunza. Ila siku ukiumwa, hutakuwa peke yako. Hongereni sana."

Salamu imewatanguliza wazee, na wakiitikia "marahaba" unapata nafasi ya kuvuta pumzi. Kicheko kimeangukia ugali, hakikuangukia utu wa mtu. Uji umekigeuza kisa kuwa sifa, na mwisho umemfikia bibi harusi, ambaye wapambe wengi humsahau.

Sasa utani wa kuacha. Usiguse wasichana wa zamani, hata kwa kusema "hatimaye umetulia," maana bibi harusi ataanza kuhesabu. Usitaje mahari, baba mkwe atasikia binti yake akipigiwa bei. Madeni, pombe, umbo la mtu na mambo ya kupata watoto navyo viache, kwa sababu mezani pana mtu ambaye jambo hilo linamuuma.

Utani wa makabila unahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa una wenyewe. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani, na wataambiana mazito hata msibani bila mtu kukasirika. Ruhusa hiyo ni ya watani wenyewe. Mpambe hawi mtani wa ukumbi mzima kwa kushika maiki. Vivyo hivyo, shemeji unaweza kumtania kidogo, lakini mkwe wa rafiki yako ni wa kuheshimiwa tu.

Siku mbili kabla, msomee hotuba dada wa bwana harusi. Akicheka, endelea. Akiuliza, "Hivi mama atakuwepo?" futa sentensi hiyo bila kubishana. Na kama siku yenyewe utani umeanguka, meza ya marafiki inacheka na meza kuu imenyamaza, usiufafanue wala usiongeze mwingine. Ruka moja kwa moja hadi kwa shemeji, sema lile neno la uji, wapongeze, ukae.